Kukadiria Jumla ya Binomia kwa Mgawanyo wa Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Makadirio haya yanajibu swali gani hasa?

Tuseme jaribio moja linarudiwa mara n, kila mara likiwa na uwezekano uleule p wa kufaulu, na matokeo ya mara moja hayaathiri matokeo ya mara nyingine. Idadi ya mafanikio, ambayo tutaiita X, hufuata mgawanyo wa binomia. Uwezekano wa kupata mafanikio k, bila kuzidi wala kupungua, ni C(n, k) p^k q^(n−k), ambapo q = 1 − p.

Ugumu huanza swali linapohusu masafa badala ya namba moja. Mfano tutakaoutumia sehemu kubwa ya ukurasa huu ni wa dadu yenye pande sita inayorushwa mara 180, tukihesabu ni mara ngapi upande wa sita umetokea juu. Anayetaka kujua uwezekano wa kupata sita angalau mara 40 analazimika kujumlisha vipengele 141, kuanzia k = 40 hadi k = 180, na kila kimoja kina mgawo ambao hauandikiki kirahisi kwa mkono. Mwaka 1733 Abraham de Moivre alionyesha kwamba jumla ya namna hii, kwa sarafu isiyopendelea upande, inaweza kubadilishwa ikawa eneo lililo chini ya mkunjo mmoja laini. Laplace baadaye aliupanua mkabala huo, na mkunjo huo ndio tunaouita leo mgawanyo wa kawaida.

Hatua zake ni zipi?

Kwanza tafuta wastani, ambao ni np, na mkengeuko sanifu σ, ambao ni kipeo cha pili cha npq. Kwa dadu yetu, np = 180 × 1/6 = 30, na npq = 180 × 1/6 × 5/6 = 25, hivyo σ = 5. Pili, andika swali kwa namba kamili zilizomo ndani ya masafa yako. Tatu, panua masafa hayo kwa nusu kila upande ulio na mpaka. Nne, geuza kila mpaka kuwa alama z kwa kutoa wastani na kugawanya kwa σ, kisha usome eneo kwenye jedwali la mgawanyo wa kawaida.

Kwa mfano, tukitaka uwezekano wa kupata sita kati ya mara 25 na 35, namba zote mbili zikiwemo, masafa yaliyopanuliwa ni 24.5 hadi 35.5. Alama z ni −1.1 na 1.1, na eneo lililo kati yake ni 0.7287. Jibu halisi, linalopatikana kwa kujumlisha vipengele vyote 11, ni 0.7292. Kwa kazi ya dakika moja, hayo ni makadirio mazuri sana.

Hiyo nusu inatoka wapi, na kuna ubaya gani kuiacha?

Chora binomia kama histogramu: kila namba kamili k ina nguzo yenye upana wa 1, na nguzo hiyo inaanzia k − 0.5 na kuishia k + 0.5. Eneo la nguzo ndilo uwezekano wa k. Sasa uchore mkunjo wa kawaida juu ya nguzo hizo. Ukipima eneo la mkunjo kuanzia 25 hadi 35, umeikata nguzo ya 25 katikati na nguzo ya 35 katikati, ilhali swali lilikutaka uzihesabu zote mbili nzimanzima. Nusu iliyoongezwa kila upande inarudisha vipande vilivyokatwa, na hii ndiyo maana yote ya sahihisho la mwendelezo.

Hasara ya kuiacha si ndogo. Bila nusu, alama z zinakuwa −1 na 1, na jibu linashuka hadi 0.6827, yaani pungufu kwa zaidi ya 0.046. Katika mgawanyo ambao nguzo yake ndefu kuliko zote ina eneo la 0.0796 tu, kuzikata nusu nguzo mbili kunatosha kuharibu hesabu. Kosa la aina hii nitaliita kosa la ngazi, kwa sababu linatokana na umbo la vidato la histogramu likipimwa kwa mkunjo usio na vidato.

Nitajuaje kama niongeze nusu au nipunguze?

Usikariri orodha ya ishara. Andika upya kila swali kwa namba kamili zinazoruhusiwa, kisha upanue kwenda nje. «Zaidi ya 40» maana yake ni 41 na kuendelea, kwa hiyo mpaka ni 40.5. «Angalau 40» inaanzia 40 yenyewe, kwa hiyo mpaka ni 39.5. «Chini ya 20» inaishia 19, na mpaka wake ni 19.5. «40 tu» ni masafa ya 39.5 hadi 40.5. Makosa mengi ninayoyaona katika kazi za wanafunzi hayatoki kwenye nadharia bali kwenye kuruka hatua hii ya kuandika namba zenyewe.

Ukifanya kazi kwa uwiano X/n badala ya idadi X, nusu hiyo inageuka kuwa 0.5/n. Anayeongeza 0.5 nzima kwenye uwiano ulio kati ya 0 na 1 atapata jibu la ajabu, na ni vizuri kwamba kosa hilo hujionyesha lenyewe mara moja.

Nimetumia sahihisho kwa «angalau 40», lakini jibu bado limeachana na jibu halisi. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Mpaka ni 39.5, alama z ni 9.5/5 = 1.9, na mkia wa kulia ni 0.0287. Jibu halisi ni 0.0321. Bila sahihisho ungepata 0.0228, kwa hiyo nusu imekusogeza karibu na ukweli, lakini haikukufikisha.

Kilichobaki ni kosa la aina ya pili, ambalo sahihisho la mwendelezo haliligusi kabisa. Mkunjo wa kawaida una pande mbili zinazofanana, ilhali binomia yenye p tofauti na nusu ina upogo: p ikiwa ndogo, mkia wa kulia huwa mrefu na mnene kuliko inavyostahili, na mkia wa kushoto huwa mfupi. Kipimo cha upogo wa binomia ni γ = (1 − 2p)/σ. Kwa dadu yetu ni (2/3)/5, yaani takriban 0.133. Upogo huo ni mdogo kwa macho, lakini kwenye mkia unatosha kuongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jibu.

Ukitaka kuuona waziwazi, linganisha mikia miwili iliyo umbali sawa kutoka kwenye wastani. Uwezekano wa kupata 40 au zaidi ni 0.0321, na uwezekano wa kupata 20 au pungufu ni 0.0244. Mkunjo wa kawaida unaipa yote miwili thamani moja, 0.0287, kwa kuwa hauna namna ya kuitofautisha.

Mbona upande wa kushoto jibu lisilo na sahihisho linaonekana bora zaidi?

Ni kweli, na jambo hili limewafanya wengine waamini kwamba sahihisho halina faida. Kwa «20 au pungufu», ukiacha nusu unapata z = −2 na eneo la 0.0228, ambalo liko karibu zaidi na 0.0244 kuliko 0.0287 inayopatikana kwa kutumia nusu. Hata hivyo, ukaribu huo ni wa bahati. Upande wa kushoto kosa la ngazi hupunguza jibu na kosa la upogo huliongeza, kwa hiyo ukiyaacha yote mawili yanakaribia kufutana. Upande wa kulia yote mawili hupunguza jibu, na kuacha nusu kunakugharimu mara mbili. Njia ambayo usahihi wake unategemea umeuliza upande gani si njia ya kutegemewa, hata kama mara moja imetoa namba nzuri.

Kufutana kwa namna nyingine, ambako kuna msingi, hutokea kwenye maswali ya pande mbili. Uwezekano wa kuwa mbali na 30 kwa 10 au zaidi, upande wowote, ni 0.0565 kwa hesabu halisi na 0.0574 kwa makadirio yenye sahihisho. Upungufu wa mkia wa kulia umefidiwa na ziada ya mkia wa kushoto. Ndiyo maana masafa ya 25 hadi 35 yalitoka vizuri vile: yamezunguka wastani kwa usawa, na upogo hauna pa kujitokeza. Kwa sababu hiyo mtu asiutathmini ubora wa makadirio kwa masafa ya katikati kisha akayaamini kwenye mkia mmoja.

Je, kanuni ya np ≥ 5 na nq ≥ 5 inatosha?

Inatosha kukuambia kwamba makadirio hayatakuwa kichekesho. Haitoshi kukuambia kwamba ni sahihi kwa swali lako. Chukua n = 100 na p = 0.05. Hapa np = 5 na nq = 95, hivyo kanuni imetimizwa kwa kipimo chake chenyewe. Mkengeuko sanifu ni kipeo cha pili cha 4.75, takriban 2.179.

Uwezekano halisi wa kupata mafanikio 11 au zaidi ni 0.0115. Makadirio yenye sahihisho yanatumia mpaka wa 10.5, ambao z yake ni 2.52, na yanatoa 0.0058, yaani nusu ya ukweli. Upande wa pili, uwezekano wa kutopata mafanikio hata moja ni 0.95 kwa kipeo cha 100, sawa na 0.0059, lakini makadirio yanatoa 0.0195, zaidi ya mara tatu. Mtu anayeamua jambo kwa kiwango cha asilimia moja anaweza kuamua kinyume pande zote mbili.

Kuna vitabu vinavyodai np ≥ 10, vingine npq ≥ 9 au 10, na vingine vinataka wastani ukiongeza au ukitoa mikengeuko sanifu mitatu ubaki ndani ya 0 na n. Zote ni namna mbalimbali za kusema kitu kimoja, kwamba σ isiwe ndogo na binomia isibanwe ukutani. Binafsi naiona ile ya mikengeuko mitatu kuwa ya uaminifu zaidi, kwa sababu inakuonyesha tatizo lenyewe: kwa mfano huu, 5 − 3 × 2.179 ni namba hasi, maana yake mkunjo unagawa uwezekano mahali ambapo X haiwezi kufika kamwe. Hata hivyo hakuna kati ya kanuni hizi inayouliza unatafuta nini, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo.

Ninaweza kukisia ukubwa wa kosa kabla ya kuhesabu?

Ndiyo, na inahitaji σ na p tu. Kosa la ngazi kwenye mpaka mmoja ulio karibu na wastani ni takriban 0.2/σ, yaani nusu ya eneo la nguzo ya katikati. Kosa la upogo mahali hapohapo ni takriban 0.067 × |1 − 2p|/σ. La kwanza huondolewa na sahihisho la mwendelezo, na la pili hubaki.

Kwa dadu, la kwanza ni 0.04 na la pili ni takriban 0.009. Tukijaribu kwa «30 au pungufu», makadirio yasiyo na nusu yanatoa 0.5000, yenye nusu yanatoa 0.5398, na jibu halisi ni 0.5486. Pengo lililobaki ni 0.009, kama lilivyotabiriwa. Kwa sarafu isiyopendelea upande, p = 0.5, kosa la pili linatoweka kabisa, na ndiyo sababu mifano ya sarafu hupendeza mno vitabuni: kwa mirusho 100, uwezekano wa kupata vichwa 60 au zaidi ni 0.0284, na makadirio yenye sahihisho yanatoa 0.0287. Msomaji aliyefunzwa kwa sarafu peke yake huondoka akidhani usahihi huo ni wa kawaida kila mahali.

Kipimo hiki kinaweza pia kutumika kinyumenyume. Tuseme p = 0.05 na unataka kosa la katikati lisizidi 0.01 baada ya kusahihisha. Unahitaji σ isiyopungua takriban 6, ambayo inadai n ya karibu 770, yaani np ya 38 hivi. Hiyo ni mbali sana na 5.

Na mikia ya mbali je?

Huko usiyaamini makadirio haya hata σ ikiwa nzuri. Kosa linaweza kuwa dogo likipimwa kwa tarakimu za desimali lakini kubwa likilinganishwa na jibu lenyewe. Kwa dadu yetu, uwezekano halisi wa kupata sita mara 50 au zaidi ni karibu 0.00013. Makadirio yenye sahihisho, kwa z = 3.9, yanatoa karibu 0.00005. Tofauti ni chini ya moja ya elfu kumi, na bado jibu ni chini ya nusu ya linalotakiwa. Kama unachotaka ni kujua tukio la nadra ni la nadra kiasi gani, tofauti hiyo ndiyo swali zima. Kwangu mimi z inapozidi 3 kwa binomia yenye upogo, jedwali la kawaida huliweka pembeni.

Upogo nao unaweza kusahihishwa?

Unaweza, kwa kuongeza kipengele kimoja. Kwa mkia wa kulia, ukiwa umekwisha kutumia nusu kupata z, chukua eneo la jedwali kisha uongeze

(γ/6) × (z² − 1) × φ(z),

ambapo φ(z) ni kimo cha mkunjo wa kawaida kwenye z. Kwa «11 au zaidi» ya mfano wa n = 100, γ ni 0.413, z ni 2.52 na φ(z) ni karibu 0.0165. Nyongeza inakuwa karibu 0.0061, na jibu linapanda kutoka 0.0058 hadi 0.0119, likiwa karibu sana na 0.0115 ya kweli. Kwa dadu, 0.0287 inakuwa 0.0325 dhidi ya 0.0321.

Fomula hii inafundisha jambo moja zaidi. Kipengele hicho ni sifuri pale z inapokuwa 1 au −1. Kwa hiyo mpaka ulio mkengeuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani hauathiriwi sana na upogo, na makosa hujikusanya katikati kabisa na kwenye mikia. Nyongeza hii ina kikomo chake pia: kwa «kutopata hata moja», ambayo ni mkia wa kushoto na hivyo kipengele hutolewa badala ya kuongezwa, inashusha 0.0195 hadi karibu 0.0088, ambayo ni nafuu lakini bado haijafika 0.0059. Aliyebanwa ukutani kiasi hicho hana haja ya fomula nyingine. Kipengele ni kimoja tu, akihesabu moja kwa moja.

Lini nitumie Poisson badala yake?

Pale p ni ndogo na np ni ya wastani. Kwa mfano uleule, Poisson yenye wastani wa 5 inatoa 0.0137 kwa «11 au zaidi» na 0.0067 kwa «kutopata hata moja». Haijalenga barabara, kwani inachukulia varianisi, yaani mraba wa σ, kuwa 5 badala ya 4.75, lakini ina upogo wa upande unaostahili na haitoi uwezekano wowote chini ya sifuri.

n ikiwa kubwa sana, nusu bado ina maana?

Ina maana kidogo tu. σ ikiwa 500, kosa la ngazi ni takriban 0.0004. Kuiweka hakudhuru, na kuisahau hakutaonekana.

Kama kompyuta inaweza kutoa jibu halisi, kwa nini nihangaike na makadirio?

Kwa jibu moja la mwisho, usihangaike; chukua jibu halisi. Makadirio yanabaki na kazi pale unapotaka kutafuta n kwa aljebra, kukisia haraka, au kuelewa fomula za majaribio ya takwimu zilizojengwa juu yake. Kompyuta ni nzuri pia kwa kuyapima makadirio kabla hujayategemea:

```python
from scipy.stats import binom, norm
n, p, k = 100, 0.05, 11
m, s = n*p, (n*p*(1-p))**0.5
print(binom.sf(k-1, n, p))
print(norm.sf((k-0.5-m)/s))
```

Mstari wa kwanza unaochapishwa ni jibu halisi, karibu 0.0115, na wa pili ni makadirio, karibu 0.0058. Angalia kwamba `sf` hutoa uwezekano wa kuzidi namba iliyopewa, si wa kuifikia, kwa hiyo «11 au zaidi» huandikwa kwa `k-1`. Ukiandika `binom.sf(11, n, p)` utapata «12 au zaidi», na kwa bahati mbaya namba hiyo itakuwa karibu zaidi na makadirio kuliko jibu sahihi, jambo linaloweza kukufanya uyasifu makadirio kwa kosa la kuhesabu.